Connects 60 zimebaki: kazi gani usiziombe kabisa

"Nimebakiwa na Connects 60 Upwork, niombe kila kazi ninayoiweza au nichague chache?"

Wengi watakwambia omba zote, na hoja yao ina mashiko. Akaunti ikiwa mpya haina rivyu hata moja, na ukituma maombi mawili matatu tu kwa wiki unaweza kukaa muda mrefu bila kujua kinachokuangusha ni profaili, bei au barua yenyewe. Anayetuma mengi anajifunza haraka, tena anawahi, na kazi ndogo za haraka mara nyingi anapewa aliyewahi. Hapo sibishani nao.

Ila ushauri huo ulifaa zaidi kabla ya 2019, wakati Connects zilikuwa za bure. Siku hizi Connect moja ni dola 0.15 na ombi moja linaweza kula 10, 15 au zaidi, yaani zako 60 ni dola 9 na ni maombi manne mpaka sita basi. Kwa hesabu hiyo anayechagua sana watu wanamuona mwoga au mvivu wakati yeye anajiuliza swali ambalo wenzake wanaliruka. Wao wanawaza "atanichagua mimi?", yeye anaanza na "huyu mteja ataajiri mtu yeyote kweli?"

Jibu lake liko pembeni ya tangazo, kwenye maelezo ya mteja, pale palipoandikwa hire rate. Chukua mfano wa mteja aliyeandikiwa `40 jobs posted, 20% hire rate`. Maana yake katika matangazo 40 ameajiri kwenye 8 tu, yale 32 hakupata kazi mtu yeyote, hata aliyeandika barua nzuri kuliko wote. Sasa tuseme kila tangazo liliombwa na watu 20 na kila ombi lilikula Connects 10, hizo ni Connects 200 au dola 30 kwa tangazo moja, zidisha mara 32 unapata dola 960 zinazoweza kuwa zimetoka mifukoni mwa mafrilansa kwa mteja mmoja tu bila kazi kutoka. Na hapo wengi wao walienda kurekebisha barua wakidhani wao ndo wamekosea! Hiki ndo kinachoniuma zaidi kwenye mambo haya.

Lakini asilimia hiyo usiisome peke yake. Ukikuta `1 job posted, 0% hire rate, 1 open job`, huyo hajakataa mtu, ni mgeni na tangazo lake la kwanza ndo hilo unalolisoma. Wengi wakiona sifuri wanakimbia, na mimi naona hapo wanakosea, maana mgeni mwenye `Payment method verified` na maelezo yanayoonyesha anajua anachotaka (video ni za dakika ngapi, faili la aina gani, linatakiwa lini) anafaa kuombwa, hasa na wewe ambaye huna rivyu kama yeye asivyokuwa na historia.

Baada ya hapo angalia uhai wa tangazo lenyewe. Kazi ya kutafsiri imekaa siku nane, Proposals ni 50+, Interviewing 5, na Last viewed by client inasema wiki iliyopita: hiyo iache hata kama unaiweza kwa usingizi, mteja ameshapata anaoongea nao na barua yako hataifungua. Ku-Boost hapo ni kuongeza hasara, maana Boost inakupandisha juu kwenye orodha ambayo mteja mwenyewe kaacha kuitazama. Shuka pia chini kwenye historia yake uone waliopita walilipwa ngapi, kama tangazo linasema dola 20 kwa saa na wote waliotangulia walilipwa 4, bei halisi ni hiyo 4.

Zile za kuchapa upya PDF kwenda Word kwa mamia ya dola, au anayetaka mhamie Telegram kabla ya mkataba, au utoe kwanza hela ya usajili, ni utapeli, ripoti upite.

Kwa hiyo kwa hizo 60 mimi ningetumia kama 40 kwenye kazi tatu zilizotangazwa ndani ya saa chache zilizopita, zenye maombi chini ya 10, kwa wateja wenye hire rate ya nusu kwenda juu au wageni waliojieleza vizuri, na 20 ningeziacha kwa sababu kazi nzuri haikungojei uende kununua nyingine. Na yote hayo yasome kabla hujatuma, maana ukituma halafu ukabonyeza Withdraw, Connects hazirudi.