Dipoziti ya madawati: ikatwe mwanzo, mwisho ama kila tripu?

"Shule imeoda madawati 60, 4,500 kila moja, na wameshatuma dipoziti asilimia 30. Nawapelekea 20 mara tatu. Hiyo dipoziti naikata tripu gani?" Hilo ni swali la fundi wa Kibuye, Kisumu.

Oda yote ni 270,000, dipoziti ni 81,000, na kila tripu ni mzigo wa 90,000. Mteja atataka ikatwe yote mwanzo, yaani tripu ya kwanza aongeze 9,000 tu. Kwake iko sawa kabisa, maana hata ukizima simu kesho yake hajapoteza kitu. Shida inaanza ukishusha tripu ya pili halafu bursa aanze zile za "nitatuma jioni", hapo madawati ya 90,000 yako kwake na wewe huna hata bob yake ya kushikilia.

Ndio maana kuna mafundi wanaikalia mpaka tripu ya mwisho: 90,000, 90,000, halafu 9,000. Akikwama kwa ya pili umepungukiwa 9,000 pekee. Lakini jiweke upande wa shule kidogo, baada ya tripu ya kwanza wameshatoa 171,000 na wana madawati 20 tu, na hiyo dipoziti tuseme ukweli iliishia kwa mbao na vyuma siku ileile. Na yale ya mwisho yakija yanayumba, watazuia nini, 9,000? Hiyo haimrudishi fundi yeyote.

Mimi naona igawanywe, ila si kwa tripu, kwa dawati. Kila dawati limeshalipiwa 1,350, bado 3,150. Tripu ya 20 ni 63,000. Wakikataa kulipa ya pili unauma 36,000, si 90,000, na wao wanabaki na 63,000 ya kuzuia kazi ya mwisho ikiwa mbovu. Kama vyuma vimechomelewa jina la shule hapo ningeshikilia dipoziti yote mpaka tripu ya mwisho bila aibu, nani mwingine atanunua?

Uzuri wa kuhesabu kwa dawati unauona mteja akituma pesa nusu, na atatuma tu. Umefika geti na 20, M-Pesa inasoma 40,000. Shusha 12, hizo ni 37,800, na 2,200 iandike kwa karatasi ya kupokelea mzigo kama yake, asaini hapo hapo. Atasema "si mko na dipoziti yetu bado?" Ndio ipo, lakini ni ya madawati ambayo hayajafika, ukikubali iliwe leo tripu ya tatu unaenda bila kitu. Ukishusha zote 20, basi 23,000 ni deni, na pesa yoyote itakayoingia baadaye inafunga hilo kwanza kabla hujapakia tena.