Ndege ya stelthi rada inaiona, ila inachelewa kuiona

Neno linalonikera kwenye mijadala ya ndege za kivita ni "haionekani". Mmoja anaandika F-117, ndege ya Marekani ya stelthi, yaani iliyoundwa ili rada isiinase kirahisi, haionekani na rada, mwingine anamrukia mbona Waserbia waliitungua mwaka 1999, basi stelthi ni uongo mtupu, na wote wawili wamekosea kwa sababu ileile, wanadhani rada ama inaona ama haioni, hakuna katikati. Kumbe shughuli yote iko hapo katikati, swali la maana ni inaonwa kutoka umbali gani.

Rada inarusha mawimbi halafu inasubiri mwangwi urudi. Chukua tochi usiku umulike kioo kilichoinamishwa pembeni, mwanga unakwenda zake kwingine na wewe uliyeshika tochi unaona giza tu. Ndivyo F-117 ilivyochongwa, vibapa bapa kila mahali, kila kimoja kimelazwa ili wimbi lisirudi kwa aliyelituma. Watu wanaisema ni mbaya wa sura lakini ile sura ilitokana na hesabu, wahandisi wa Lokhidi, kampuni iliyoiunda, walichukua kanuni za Mrusi Pyotr Ufimtsev za jinsi wimbi linavyotawanyika kwenye kingo, na kompyuta za miaka ya 70 ziliweza kupiga hesabu ya vibapa, ya mviringo zilishindwa.

Umbo ndilo linafanya kazi kubwa. Rangi maalum yenye chembechembe za chuma inakuja kumalizia, inameza wimbi na kuligeuza joto. Hata matundu ya kuingizia hewa ya injini yaliwekewa wavu, na vioo vya rubani vikapakwa utando mwembamba wa dhahabu, manake wimbi likiingia ndani likapiga kiti na helmeti ya rubani linarudi na habari zote.

Sasa hapa ndipo wengi wanapopotea. Wimbi linatawanyika likienda, na mwangwi nao unatawanyika ukirudi, kwa hiyo ukipunguza mwangwi wa ndege mara 10,000 umbali wa kuonwa unapungua mara 10 tu. Tuseme rada ilikuwa inakuona ukiwa kilomita 200, sasa itakuona kilomita 20. Ndege ya kilomita 900 kwa saa inakata kilomita 15 kila dakika, yaani yule wa chini aliyekuwa na dakika 13 za kujipanga sasa ana sekunde 80. Ni faida kubwa mno, ila rada yenyewe haijapofuka.

Na ndivyo ilivyokuwa F-117 ilipotunguliwa tarehe 27 Machi 1999 karibu na kijiji cha Budjanovci huko Serbia. Kikosi cha makombora cha Zoltan Dani, kamanda upande wa Waserbia, kilikuwa na P-18, rada ya zamani ya Kisovieti ambayo wimbi lake lina urefu wa kama mita 2, wakati rada za kuongoza makombora zinatumia wimbi la sentimita chache, na stelthi imelengwa kwa hizo za sentimita. Wimbi fupi linakiona kibapa kama kioo, lakini wimbi la mita 2 likikutana na mkia wa ndege ambao ukubwa wake haupishani sana na wimbi lenyewe, halitupwi pembeni vizuri, linauzunguka na mwangwi unarudi. Rangi nayo haisaidii kitu, ili imeze wimbi refu hivyo ingebidi iwe nene kiasi ambacho ndege haiwezi kubeba.

Mtu atauliza sasa kwa nini wote wasinunue P-18? Kwa sababu wimbi refu linaona kwa ukungu, linakwambia kuna kitu upande ule lakini haliwezi kulipeleka kombora mpaka kwenye shabaha. Dani bado alihitaji rada yake ya kuongoza makombora ya S-125 iishike ndege, na hiyo haiwezi kuishika mpaka iwe karibu, inasemekana ilikuwa kama kilomita 13, halafu alikuwa anaiwasha kwa sekunde 20 hivi kisha anaizima asije akafuatwa na kombora la kuwinda rada. Kilichomsaidia ni kwamba zile ndege zilikuwa zinapita njia zilezile usiku baada ya usiku, akajua pa kukaa. Akarusha makombora mawili, moja likalipuka karibu, rubani Dale Zelko akaruka na parashuti na wenzake wakamuokoa saa kadhaa baadaye.

Kwa hiyo mimi simkubali anayesema usiku ule ulimaliza stelthi. Ndege ilipita karibu mno na mtu aliyekuwa anaisubiri, basi. Somo la wimbi refu hata wabunifu wanalijua, angalia B-2, ndege nyingine ya stelthi ya Marekani, haina mkia kabisa, ni bawa tupu, ila ile ngozi yake ni ya kubembeleza kiasi kwamba inajengewa banda lenye hewa ya kudhibitiwa joto na unyevu ndio ikae salama.