Mmepaka rangi, je maji mmepima?

Jumamosi nimepita mtaa mmoja nyuma ya soko la Kilombero, Arusha, nikakuta faya haidranti, lile bomba la kando ya barabara la kuchotea maji ya zimamoto, imepakwa rangi nyekundu mbichi, inang'aa kama gari la harusi. Imepakwa kuanzia chini mpaka juu, kofia, boliti, mpaka mnyororo wa kofia umegandiana na rangi. Na Noah imepaki imeegemea kabisa, bampa na kofia vinabusiana. Nikamuuliza chalii anayeuza parachichi pale, hii kitu huwa wanaifungua? Akacheka. "Bro mimi huu mwaka wa tatu niko hapa, sijawahi kuona hata tone. Wamekuja wapaka rangi juzi tu, nasikia kuna mkubwa alikuwa anapita."

Haya. Mkubwa amepita, ameona nyekundu, ameridhika.

Sasa ngoja niseme kitu kuhusu hiyo rangi. Ule utaratibu wanaoufuata Wamarekani, NFPA 291, mwili wa haidranti unakuwa njano na rangi ya kofia na ya kichwa ndiyo inayoongea. Bluu maana yake hapa unapata lita kama 5,700 kwa dakika au zaidi, kijani ni 3,800 kwenda juu, chungwa ni 1,900 kwenda juu, na nyekundu ni chini ya hapo. Yaani nyekundu ni kumwambia askari wa zimamoto "mwanangu hapa maji kiduchu, tafuta pengine au uje na boza". Ndio, najua huo ni utaratibu wa watu, sisi hakuna aliyetulazimisha, na Waingereza wao wanaweka kibao cha njano chenye herufi H na namba ya ukubwa wa bomba na mita ngapi mpaka ilipo. Sawa. Chagueni wowote. Ila rangi iwe jibu la kipimo, isiwe vipodozi.

Na hapo kwenye kipimo ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu nikikwambia pima haidranti wengi wanafikiria unafungua, maji yanaruka, watoto wanashangilia, unafunga, imepona. Au fundi anafunga geji, anasoma presha, anasema "ipo vizuri sana hii". Presha ya maji yaliyosimama inadanganya jamani! Nimeiona kwa macho yangu.

Zamani nilikuwa kibarua kwenye timu ya mafundi bomba Moshi, kazi yangu kubeba spana na kufukuza ng'ombe. Siku moja tukapima mtaa mmoja hivi. Mzee aliyekuwa anatuongoza akafunga geji kwenye haidranti ya kwanza, ikasoma ba 5. Mimi nikaona tumeshinda, maana ba 5 ni presha ya kutosha kabisa, maji yanashuka toka mlimani huko yenyewe. Mzee akasema tulia. Akaenda haidranti ya pili, ya jirani kwenye bomba hilo hilo, akafungua mdomo wa inchi 2 na nusu mpaka mwisho, akaacha maji yatulie, akashika pitoti katikati ya maji yanayotoka. Pitoti ni kijibomba chembamba chenye geji, unakisogeza kwenye mkondo umbali wa kama nusu ya upana wa mdomo. Ikasoma ba 0.33, ambayo kwa mdomo ule ni karibu lita 1,390 kwa dakika. Wakati huo huo mimi nimesimama kwenye haidranti ya kwanza naangalia geji, naona mshale umeanguka toka 5 mpaka 2.6.

Mzee akapiga hesabu kwenye karatasi ya sigara. Unachotafuta ni maji utakayopata ukiishusha presha mpaka ba 1.4, usishuke chini ya hapo maana pampu ya gari la zimamoto itaanza kunyonya bomba la mtaa, na kila penye uvujaji uchafu unaingia ndani ya maji ya kunywa. Jibu lilikuwa lita 1,730 hivi. Nyekundu. Kwenye bomba la inchi 6! Mzee akakataa kuandika. Akasema hapa kuna kitu kimebana.

Tukazunguka mtaa mzima tukafukua chemba moja iliyofunikwa na kifusi, ndani kuna geti valvu. Ile valvu inazunguka kama raundi 20 kutoka kufungwa mpaka kufunguka yote, na tulipoijaribu tukakuta imefunguliwa raundi 4 tu. Inaonekana kuna siku bomba lilipasuka, mtu akafunga, wakarekebisha, akafungua kidogo, wananchi wakapata maji bombani, akaenda kula. Hakuna aliyelalamika kwa sababu ndoo inajaa.

Tukafungua yote taratibu (taratibu, na kufunga haidranti pia taratibu, ukifunga kwa pupa maji yanarudi na kishindo bomba linapasuka mtaa wa pili). Tukarudia. Presha ya kusimama: ba 5. Ile ile! Ila safari hii mshale uliishia 4.2, pitoti ikasoma 0.8, yaani zinatoka karibu lita 2,160 kwa dakika, na hesabu ya kushuka mpaka ba 1.4 ikaja lita 4,800 na ushee. Kijani. Kutoka nyekundu mpaka kijani kwa raundi 16 za spana.

Unaona? Maji yakiwa yamesimama hayapotezi kitu kupita kwenye kitundu kidogo, ndio maana geji haioni tofauti. Kunja mpira wa kumwagilia bustani huku umeziba mdomo kwa dole, presha utaisikia vile vile kwenye dole. Achia dole ndio utajua.

Wataniambia maji yanapotea. Ile mara ya pili tuliacha wazi kama dakika 3, hiyo ni uniti 6 na nusu. Kuna watu wanamwagilia maua ya geti kwa zaidi ya hapo. Wataniambia pia maji yatatoka na tope majumbani, hilo nakubali shingo upande, watangazieni watu jana yake wasifue nguo nyeupe. Na mgao je? Mtaa unaopata maji usiku tu ukipimwa usiku halafu ukapakwa kijani, saa nane mchana ni uongo. Pimeni wakati wa matumizi makubwa, na kila miaka 5 mrudie, valvu hazikai zilipoachwa.

Noah sasa. Wenzetu wanataka futi 3 wazi pande zote ili mtu azungushe spana, na magari kwenye majimbo mengi ya Marekani yakae futi 15. Sisi bodaboda wanaweka kijiwe, kifodi kinasubiri abiria, barabara ikiwekwa lami upya tuta linapanda mpaka mdomo wa haidranti unakaribia ardhi, mpira haufungiki. Mdomo unatakiwa uwe juu kama sentimita 45. Pigeni mistari ya njano chini, wekeni vyuma viwili vya kuzuia, basi.

Nilimsubiri mwenye Noah nusu saa. Akaja na mfuko wa vitunguu, nikamwambia kaka umezuia haidranti. Akaiangalia, akagusa rangi kwa kidole, akauliza, "Hii si ni ya kuzuia magari yasipande juu?"