Ile ile, lakini si kwa dakika kumi za kwanza

“Kama harufu ni ile ile, kwa nini nilipe mara kumi?”

Swali la binamu yangu, tukiwa ndani ya duka la manukato katikati ya jiji la Nairobi. Mkono mmoja ameshika Club de Nuit Intense Man ya Armaf, kampuni ya Dubai; akilini ana Aventus ya Creed, ile ghali iliyotoka 2010 ambayo Armaf inaiga.

Tulipulizia moja kila kiganja, tukaondoka. Dakika kumi za mwanzo, tofauti ilikuwa wazi. Aventus ilifunguka kwa nanasi na bergamoti, laini, kama tunda limekatwa sasa hivi. Ile ya Armaf ilianza kwa limau kali linalochoma pua. Hapo ndipo pesa ya Aventus, ile asili, inapoonekana: malighafi za matunda na jinsi zilivyounganishwa. Baada ya saa moja, limau likiisha, zilisogeleana. Kufikia saa ya nne, binamu hakuweza tena kuzitofautisha, nami nilibahatisha tu.

Sababu ni ya kikemia. Harufu za jamii ya machungwa, limau likiwemo, ni nyepesi, huruka haraka. Kinachobaki ni miski za maabara na ambroksani, molekuli nzito ambazo mtengenezaji yeyote anaweza kununua. Kwa hiyo kopi kudumu muda mrefu kuliko asili si muujiza, wala si dalili ya ubora. Mara nyingi imejazwa tu hizo molekuli nzito za msingi. Wengi wanaovaa zote mbili husema hii ya Armaf hukaa zaidi, na ile jioni ilikuwa hivyo.

Tahadhari moja: pua yako huzoea miski na ambroksani, ukadhani manukato yamekwisha kumbe jirani kwenye matatu bado anayasikia. Muulize mtu mwingine kabla ya kupulizia tena.

Kopi yenye jina lake lenyewe isichanganywe na feki. Chupa iliyoandikwa Creed ikauzwa bei ya Armaf haina haki ya kuitwa kopi nafuu, hujui kilichomo. Mafuta ya kupimiwa kwa mililita nayo yana kasoro yake. Bila spirti ya kuyarusha hewani hubaki karibu na ngozi, na jina lililo kwenye orodha ya muuzaji halikuhakikishii kwamba mafuta ya mwezi ujao yatatoka kwa msambazaji yule yule.

Mimi ningemwambia binamu achukue Armaf, kwa sababu yeye hupulizia nyumbani asubuhi na kufika kazini saa moja baadaye, yaani ule ukali ataumalizia njiani. Lakini mtu anayependa nanasi lile la mwanzo, akope, aweke akiba, ama anunue chupa ndogo. Hakuna kopi niliyonusa iliyompa hilo. Binamu alilipa, kisha akaniomba nisimwambie mkewe bei ya ile nyingine.