Kata maneno yako kwanza

Mhariri akikuambia habari ina maneno 900 na nafasi ni ya 350, mkono hukimbilia nukuu kwa kuwa ndizo ndefu. Hapo ndipo tunapowaharibia watu maneno yao, wala si kwa nia mbaya.

Chukua mfano huu wa kubuni. Wachuuzi wa soko la Marikiti jijini Nairobi wameambiwa wahame. Muuza nyanya anasema kwenye rekodi: "Mimi mwenyewe sina shida kuhama, bora kaunti itujengee vibanda kwanza. Lakini si kwa notisi ya siku saba. Na nasikia wenzangu wakisema kuna watu washalipia nafasi huko."

Ukibana nafasi, inabaki: "Mimi mwenyewe sina shida kuhama. Kuna watu washalipia nafasi huko." Kila neno ni lake, lakini habari si yake. Sharti limeanguka, na sasa mama anaonekana kukubali. Baya zaidi, uvumi aliousikia umegeuka ushahidi wake, na kesho yake atakayeulizwa kuhusu hizo pesa ni yeye. Vinukta vitatu katikati havimwokoi. Vinaonyesha kwamba kitu kimeondolewa, bila kusema kilikuwa na uzito gani.

Msimamo wangu ni kwamba "bora", "lakini" na "nasikia" ndivyo vya mwisho kukatwa. Anza na maelezo yako mwenyewe, yale ya historia ya soko ambayo msomaji wa Nairobi anayajua. Nukuu ikizidi kuwa ndefu, iondolee alama za kunukuu na utumie usemi wa taarifa: alisema yuko tayari kuhama iwapo kaunti itawajengea vibanda kwanza, ila notisi ya siku saba haitoshi. La malipo ama uliandike kama uvumi baada ya kulifuatilia, ama uliache kabisa. Mimi ningeliacha. Na usiunganishe majibu ya maswali mawili ndani ya alama moja za kunukuu, hata kama yanashikana vizuri.

Kosa la pili huja baada ya kukata. Aya iliyomtambulisha mwenyekiti wa wachuuzi imeondolewa, lakini aya iliyofuata bado inaanza na "Aliongeza kuwa kaunti haijawajibu." Nani aliongeza? Kwa msomaji, ni muuza nyanya aliyetajwa juu. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi, kwa hiyo hakuna kitakachomshtua. Kila "alisema" iliyobaki ifuatilie kwa kidole hadi kwa mwenyewe, kisha usikilize rekodi tena, ukianza sentensi moja kabla ya nukuu na kumalizia moja baada yake.

Ukibaki na shaka, mpigie simu uliyemnukuu umsomee. Wapo wahariri wasiopenda hilo, wakihofia mtu ataruka maneno yake. Lakini humwombi ruhusa ya kuchapisha. Unamwuliza kama hivyo ndivyo alivyomaanisha. Akiruka, rekodi unayo.