Kisanduku cheusi kilinivua nguo mkutanoni

Kwa kuwa yule jamaa wa meza ya jirani ameshaisambaza hii habari kwenye kila kundi, acheni na mimi niisimulie. Toleo lake lina sehemu ninayolia. Sikulia. Macho yalikuwa makavu kabisa, jasho ndilo lililonitoka.

Ile kotesheni mnaijua. Kurasa mbili, jedwali la vifaa na mchoro nyuma yake. Kwenye jedwali la ofisini kuna safu ambazo mteja hapaswi kuziona: bei tunayonunulia, asilimia ya faida, na ile ya mwisho iitwayo "Maelezo", ambayo sisi huandika yaliyo moyoni. Nilikuwa na PDF tayari, muda umebana, nikaona nirudi kwenye Excel ya nini? Nikafungua PDF kwenye programu ya kuhariri, nikachora visanduku vyeusi juu ya safu zote tatu. Tena nilikuwa makini, msinicheke! Nilikuza ukurasa hadi 400% kuangalia kama kuna herufi inayochungulia. Hakuna. Nikachapisha kwenye karatasi, nikaiinua mbele ya taa. Giza totoro.

Na kwenye karatasi kweli nilikuwa salama. Tatizo mteja hakutumiwa karatasi.

Tukaingia mkutano wa video. Upande wao mkurugenzi, fundi wao, na mhasibu, mama mmoja mpole, sauti ya chini. Mama akasema, "Kaka, samahani, hizi jumla zako ngoja nizihakiki kidogo," akashea skrini yake. Nikamwambia karibu sana mama, jisikie huru. (Hilo "jisikie huru" ndilo jamaa amelifanya jina langu la utani.)

Sasa twende polepole, maana mimi niliiona polepole. Kipanya chake kikatua kona ya juu ya jedwali. Kikaanza kuteremka kwa mshazari, na kila kilipopita pakageuka buluu. Majina ya vifaa, buluu. Idadi, buluu. Kikafika kwenye visanduku vyangu, na ukingo wa ule weusi nao ukageuka buluu. Hapo tumbo lilishaelewa, akili ikawa bado njiani. Akanakili. Akafungua Excel mpya, nyeupe, haina dhambi. Akabofya kisanduku cha kwanza. Akabandika.

Safu zote zikaja. Zote! Zimejipanga kama wanajeshi kwenye gwaride, na zile tatu zangu mwishoni, bila kisanduku chochote juu yake. Mama akapanua safu ili maneno yaonekane vizuri. Akapanua na ile ya "Maelezo". Mstari wa nne, faida 62%, na pembeni yake, kwa mkono wangu mwenyewe: "Hapa usishuke. Wanalalamika lakini hela wanayo."

Mkurugenzi akausoma kwa sauti. Akaurudia. Fundi wao akazima kamera, na mpaka leo naamini alikuwa anacheka. Mimi nikajaribu kusema mtandao unasumbua, wakati picha yangu ilikuwa safi kuliko siku zote.

Yaliyofuata mafupi: tuliomba radhi, tukashuka bei, wakataka kotesheni mpya siku hiyohiyo.

Kwa wanaoniuliza ilivyowezekana, ni hivi. Ndani ya PDF ukurasa ni orodha ya maagizo: andika herufi hizi mahali hapa, kisha chora mstatili mweusi pale. Mstatili unakuja baada ya herufi, kwa hiyo macho yanaona weusi tu. Lakini anayenakili anachukua herufi, na mstatili si herufi. Maandishi meupe juu ya ukurasa mweupe nayo yananakilika vilevile. Na nina wenzangu wakubwa katika hili: Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump kule Marekani, waliwasilisha mahakamani PDF yenye sehemu zilizofunikwa kwa weusi, waandishi wa habari wakanakili na kubandika, wakasoma kila kitu. Nikikaa na huzuni hukumbuka wale walikuwa mawakili.

Basi, kwa aibu ile nikafanya ujanja wa pili. Nikafungua PDF ileile, safari hii nikafuta maandishi yenyewe na yale maoni ya njano ya pembeni, nikabonyeza kuhifadhi. Nikajaribu kunakili: hamna kitu. Nikampelekea jamaa aiangalie kabla haijatoka. Akaangalia nusu dakika, akaandika hivi:

```
grep -a -c '%%EOF' kotesheni.pdf
```

Ikarudi 3. Akaanza kucheka kile kicheko chake. `%%EOF` ni alama ya mwisho wa faili, na yangu ilikuwa na miisho mitatu. Programu nyingi ukibonyeza kuhifadhi haziandiki faili upya. Zinabandika mabadiliko mkiani na kuyaacha ya zamani palepale. Akakata faili kwenye alama ya kwanza, akakifungua kile kipande: "Wanalalamika lakini hela wanayo." Imefufuka! (Wajuaji, najua: faili iliyopangwa kwa ajili ya kufunguka haraka mtandaoni huwa na mbili kihalali. Yangu haikuwa hiyo.)

Akaniambia, "Ndugu yangu, rudi kwenye chanzo." Nikarudi. Nikatoa nakala ya Excel, nikafuta zile safu. Kufuta, si kuficha. Nikatengeneza PDF mpya kabisa. Mchoro wa ukurasa wa pili nao ulikuwa na tabaka la vipimo vyetu vya ndani ambalo nililificha tu kwa kuzima alama yake ya jicho. Jamaa akafungua paneli ya Layers kwenye programu ya kusomea, akabofya lile jicho, likawaka. Nalo tukalifuta kwenye programu ya michoro, tukatoa upya. Anasema usipokuwa na chanzo, Acrobat Pro ina Redact, ambayo unaweka alama kisha lazima ubonyeze Apply, maana bila hiyo alama ni pambo tu. Halafu Sanitize Document inasafisha maoni, tabaka zilizofichwa na mabaki mengine.

Mwisho tukaipima:

```
pdftotext -layout kotesheni.pdf - | grep -i -E 'faida|hela'
```

Kimya. Amri hiyo inasoma maandishi ya ukurasa tu, maoni ya pembeni haiyaoni, kwa hiyo paneli ya maoni tukaifungua kwa mkono. Tupu. Nikatuma kifua mbele.

Mama mhasibu akajibu baada ya muda mfupi. Nainakili kama ilivyo, maana kunakili sasa ndiyo fani yetu sote:

"Kaka, nimejaribu kunakili, safari hii hakuna kitu, hongera. Ila nikiifungua kwenye kivinjari, pale juu kwenye kichupo inaonyesha jina la kampuni nyingine. Hao nao mliwapa 62%?"

Ile Excel niliianzisha zamani kwa mteja mwingine, na sehemu ya Title kwenye sifa za faili sijawahi kuigusa. Jamaa bado hajui hili. Msimwambie.