Pu, tifu, chubwi: maneno tuliyoyafungia kwenye insha

Mimi ni mtu wa Ujiji, naishi Osaka. Kuna mengi ya huku nisiyoyaonea wivu, lakini hili naliona: Wajapani wanayaheshimu maneno yao ya kuigiza. Mgonjwa wa kichwa akisema "zukizuki", daktari anaelewa kwamba maumivu yanapiga kama mapigo ya moyo. Akisema "chikuchiku", yanachoma kama sindano. Jiwe zito hubiringika "gorogoro", kokoto hubiringika "korokoro". Sauti nzito ya mwanzo ndiyo inayobeba uzito.

Sisi tumeyapa jina la tanakali sauti, tukayaweka kwenye somo la fasihi kama pambo. Kwenye sarufi yamebanwa kona moja ya vielezi, yakaitwa viigizi. Hapo ndipo ninapokataa.

Sikiliza watu wa mwalo wa Kibirizi, kule Kigoma. Gunia likianguka sakafuni ni pu, mchangani ni tifu, topeni ni tapwi, ziwani ni chubwi. Kitenzi ni kimoja, kuanguka. Ila neno dogo la mwisho limeshakuambia kilichoanguka kimepokewa na nini. Kielezi gani kinafanya kazi hiyo?

Tena jaribu kukanusha. "Hakutembea polepole" ni sentensi safi. "Hakuanguka pu" inagoma, labda uwe unabishana na mtu aliyetangulia kusema alianguka pu. Sababu yake naiona hivi: kiigizi kinaonyesha tukio lenyewe, na lisilotokea huwezi kulionyesha.

Ngeli nazo hayazijali. Kanzu nyeupe pepepe, shati jeupe pepepe, vitambaa vyeupe pepepe: kivumishi kinabadilika kila mara, pepepe haitikisiki. Angalia na umbo lake. Kiswahili cha kawaida hurudia neno mara mbili, kama polepole. Baadhi ya haya hupiga silabi mara tatu: pepepe, fofofo, tititi. Na weupe hauna mlio, kwa hiyo tusidanganyane kwamba yote ni kuiga sauti. Usiku wa giza totoro, wavuvi wanapowasha taa kuvuta dagaa, totoro haijaiga chochote kinachosikika.

Mpaka hauko wazi kila mahali, nakiri. "Katakata" imeshazoea: "hakukataa katakata" inapita bila shida, na "funga mlango ndi" ni amri ya kila siku. Mengine yamesogea kuelekea vielezi, mengine bado yamegoma kabisa. Lakini mpaka wenye ukungu si sababu ya kuifuta aina nzima. Mwanaisimu Clement Doke aliyatambua kama aina ya pekee katika lugha za Kibantu, akayafafanua hivyo mwaka 1935.

Walimu wangu wa Kigoma, naomba mwanafunzi akiandika "mtumbwi ukajaa maji, mzee akatumbukia chubwi", msimkate alama kwa kuandika lugha ya mtaani. Mwulizeni kwa nini hakuandika tapwi. Ataeleza, na hapo mtakuwa mmeanza kufundisha sarufi yake.